Miaka Mitano Iliyokatwa

Alhamisi moja ya Oktoba 2024, saa tatu kasoro usiku, mpwa wangu alinitumia ujumbe wenye swali moja tu: "Mjomba, namba ya NIDA si inaanza na tarehe ya kuzaliwa?" Nikamjibu ndiyo, nikarudi kwenye taarifa ya habari. Dakika haikuisha, simu ikaita.

Alikuwa anakata tiketi mbili za treni ya mwendokasi kwenda Morogoro. Jumatatu ya tarehe 14 ilikuwa sikukuu ya Mwalimu Nyerere, na Jumamosi yake rafiki yake wa chuo alikuwa anaagwa kwao Morogoro, basi aliona wikiendi ndefu imekuja kwa wakati. Tiketi ya pili ilikuwa ya mwanaume aliyekuwa akimjua kwa miezi minne. Walikutana kwenye kamati ya harusi ya binamu yake: yeye mweka hazina, mwanaume mjumbe wa kamati ndogo ya usafiri. Ilipofika sehemu ya kujaza kitambulisho, alimwomba namba, na mwanaume akaituma kwa wasapu bila kusita.

Namba ile ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na watu wengi hawajui, au wanajua na hawakumbuki. Iliyoingia kwenye simu ya mpwa wangu ilianza na 1983.

"Mimi aliniambia ana 36," akasema.

Nikapiga hesabu. Aliyezaliwa Julai 1983, Oktoba 2024 ana 41.

"Mitano," nikasema.

"Mitano, mjomba. Nikate tiketi au nisikate?"

Sijioni kuwa mtaalamu wa mapenzi, na mke wangu ni shahidi wa hilo. Ila nimekuwa mshenga mara tisa, na mshenga akikaa sana kwenye kazi hiyo anajifunza jambo ambalo wapenzi wenyewe hulipata wakiwa wamechelewa. Zamani barua ya posa ikishafika, wenyeji hawakujibu siku ileile. Walisema "tumeipokea, tupeni muda." Muda ule haukuwa madaha. Shangazi alitumwa kijijini kwa wenzao, mjomba aliulizia kazini, jirani wa zamani alitafutwa. Umri, kazi, mke wa kwanza, deni, ugonjwa wa ukoo, vyote vilichunguzwa na watu wasio na mapenzi na mhusika. Siku hizi watu wanapendana kwanza, miezi minne, mwaka, na uchunguzi unafanyika kwa bahati, kwenye fomu ya tiketi saa tatu usiku. Na anayechunguza ni yuleyule mwenye moyo wa kuumia.

Nikamwambia akate tiketi. Shilingi 13,000 si hela ya kujutia.

Kabla hajanipigia alikuwa ameshawauliza marafiki zake, na ushauri ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa mtego: asiseme chochote, amuulize kwa upole "hivi ulimaliza kidato cha nne mwaka gani?" halafu amwangalie anavyojikanyaga. Wa pili ulikuwa wa hatari zaidi. Rafiki mmoja alidai ana mtu wake kwenye ofisi fulani anayeweza kuingia kwenye mfumo na kutoa kila kitu, jina la mama, mahali alipozaliwa, hadi picha.

Huo wa pili niliukataa palepale. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kuchota taarifa za mtu namna hiyo ni kujiingiza kwenye matatizo, wewe na huyo mtu wako wa ofisini. Hata sheria tukiiweka kando, ukishafanya hivyo una siri kubwa kuliko yake. Yeye amepunguza miaka mitano, wewe umempekua nyumba nzima, na siku ikijulikana atakayekuwa na kesi ya kujibu ni wewe.

Mtego nao siupendi, kwa sababu za kiufundi zaidi kuliko za kimaadili. Mtu aliyeulizwa swali la mtego ana njia mbili tu, kukiri kabla hajaambiwa anakiri nini, au kuongeza uongo wa pili. Wengi wataongeza. Sasa kuna uongo juu ya uongo, na wa pili umeuzaa wewe. Hutajua kama ungezaliwa bila swali lako.

Halafu kulikuwa na jambo ambalo mpwa wangu hakulifikiria. Alichokuwa nacho mkononi kilikuwa kimoja tu: mdomo na karatasi havikubaliani. Kipi kati ya hivyo viwili kinasema uongo, bado hajajua.

Nchi hii ina watu wengi wenye umri mbili. Mtu alifeli darasa la saba, wazazi wakamrudisha darasa la sita kwenye shule ya wilaya nyingine, kwa jina la binamu yake aliyeacha shule, na jina likaja na mwaka wake wa kuzaliwa. Cheti kikatoka hivyo, kitambulisho kikafuata cheti, ajira ikafuata kitambulisho. Mwingine alizaliwa nyumbani, mama anakumbuka kwamba ilikuwa wakati wa vita vya Kagera, na mwalimu mkuu akakadiria mwaka wakati wa kumwandikisha. Kuna mzee mmoja kwetu aliyestaafu serikalini kwa umri wa miaka 60 akiwa na wajukuu waliokuwa wakihesabu 66, na hakuna aliyemwita mwongo.

Ila makosa hayo ya karatasi yana mwelekeo. Aliyerudia darasa alichukua umri wa mtoto mdogo kuliko yeye. Aliyetaka kubaki kazini alihitaji mwaka wa karibu, si wa mbali. Kwa kawaida, basi, karatasi humfanya mtu kijana. Ukikuta mdomo unasema 45 na kitambulisho kinasema 40, mara nyingi mdomo ndio wenye kweli, na kuna hadithi ya shule ya kusimuliwa jioni moja mkicheka. Ukikuta kinyume chake, kitambulisho kinasema 41 na mdomo unasema 36, hadithi ya shule haitoshi. Wapo wachache walioongezewa miaka ili wapate kazi wakiwa watoto, lakini ni wachache.

"Kwa hiyo ni yeye," mpwa wangu akasema.

"Inaelekea ni yeye. Sasa swali si mitano. Swali ni je, ndani ya hiyo mitano kuna mtu?"

Akanyamaza. Akaniuliza nina maana gani.

Nina maana hii. Uongo mdogo wa mwanzo wa uchumba una aina mbili, na ukubwa wake haupimwi kwa miaka wala kwa cheo. Upo ule ambao ukiufungua ndani hakuna mtu, kuna aibu tu. Niliwahi kupeleka posa kwa niaba ya kijana aliyemwambia msichana kwamba yuko bandarini. Kweli alikuwa bandarini, ila alikuwa tarishi wa kampuni ya uwakala wa forodha, anayepeleka nyaraka kwa pikipiki kutoka dirisha hili hadi lile. Msichana alijua wiki ya tatu, alipomkuta getini amevaa kiakisi-mwanga. Walicheka, wakaoana, na leo ana leseni yake mwenyewe ya uwakala. Ule uongo haukumwomba msichana fedha wala haukumficha mtu. Uongo wa kazi unaanza kuwa na meno pale unapokuja na ombi: niazime milioni moja kontena litoke. Hapo kazi si mapambo tena, ni chambo. Wanawake nao wanaujua uongo wa kazi kwa upande wa pili. Namjua muuguzi aliyewaambia wanaume wawili mfululizo kwamba anauza vitenge, kwa sababu wa kabla yao alimfanya benki. Sioni kosa lake.

Aina ya pili ni ule ambao ndani yake amekaa binadamu: mke, mtoto, mchumba wa nyumbani. Uongo kuhusu ndoa ni wa aina hii siku zote, kwa hiyo uongo mdogo kuhusu ndoa haupo. Umri unasumbua kwa sababu unaweza kuwa wa aina yoyote. Mtu anakata miaka kwa kuogopa kuitwa mzee, au anakata kwa sababu miaka ile ina kitu ndani yake na ikiondoka nacho kinaondoka. Kwa nje vinafanana kabisa.

Ushauri wangu ulikuwa mfupi. Asimtege. Amwambie alichokiona na alikionea wapi, kwa sauti ya kawaida, wakiwa mahali ambapo hakuna anayeweza kuinuka na kuondoka kwa hasira. Halafu anyamaze na kusikiliza mambo mawili: kama atakiri kile tu kilichoonekana au atafika mbele zaidi, na kama atamgeuzia yeye kesi. "Kwa nini unanichunguza" likitangulia kabla ya "ni kweli", arudi na treni ya jioni.

Ikawa hakuhitaji hata kuanza. Jumamosi asubuhi walipata viti vya kutazamana, na mbele yao alikaa bibi mmoja mwenye kapu la ndizi na mjukuu wake. Treni ilipotoka Pugu mtoto akauliza kwa nini Jumatatu hakuna shule. Bibi akamwambia ni siku aliyofariki Mwalimu. Kama ilivyo kawaida yetu, gari zima la watu wazima likaanza kusimulia kila mtu alikuwa wapi tarehe 14 Oktoba 1999. Kwa watu wa rika langu na walio chini yetu kidogo, hicho ndicho kipimo cha umri kisichohitaji kitambulisho. Aliyekuwa kazini, aliyekuwa chuo, aliyekuwa anacheza gololi na kushangaa watu wazima wanalia.

Mpwa wangu alikuwa na miaka sita. Akasema anachokumbuka ni redio kupiga nyimbo za huzuni siku nyingi. Bibi akamgeukia mwanaume. "Na wewe baba?"

"Mimi nilikuwa kidato cha pili," akasema. "Tulikuwa bwenini, mwalimu wa zamu akaja na redio yake ndogo, Mkapa akatangaza. Tulilia kama tumefiwa nyumbani."

Aliyezaliwa 1988 siku ile alikuwa na miaka kumi na moja, darasa la nne au la tano. Kidato cha pili kinamtaka aliyezaliwa 1983. Mpwa wangu anasema alimwona akisikia maneno yake mwenyewe. Aliishia katikati ya sentensi iliyofuata, akatazama nje, kulikuwa na minazi michache na nguzo za umeme.

"Basi tiketi yako imesema kweli," mpwa wangu akamwambia, polepole, ili bibi asisikie.

"Tiketi gani?"

"Namba yako inaanza na 1983."

Kwa maelezo ya mpwa wangu, ambaye hapendi kutia chumvi, mwanaume alikaa kimya hadi wakapita Soga. Halafu akasema, "Ni kweli. Nina 41." Hakuuliza kwa nini alimchunguza. Akaeleza kwamba siku ile kwenye kikao cha kamati mtu alitania kuhusu wazee wanaooa wasichana, na mpwa wangu akasema mbele ya watu kwamba yeye mwanaume wa arobaini na kuendelea hamtaki, watoto watasoma naye akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Dakika kumi baadaye walikuwa wanapanga mabasi, akamuuliza ana miaka mingapi, na yeye akasema 36. Baada ya hapo ikawa ngumu kurudi.

Mpwa wangu alikumbuka kusema maneno yale. Hilo lilimlegeza, na nadhani lingemlegeza yeyote. Lakini alikuwa na swali langu mfukoni. Akamuuliza: "Hiyo mitano uliitoa wapi?"

"Sijaelewa."

"Uliniambia ulimaliza chuo 2012 ukaja moja kwa moja Dar. Kama ulizaliwa 1983, chuo ulimaliza lini?"

Mtu anayepunguza umri huwa hapunguzi namba moja. Miaka haikai peke yake, imefungwa na mwaka wa kidato cha nne, mwaka wa chuo, ajira ya kwanza, nani alikuwa rais, simu gani ilikuwa mpya. Ukitoa mitano lazima usogeze vyote, au utoe kipande kizima katikati ili ncha mbili zikutane. Ndiyo maana swali la "uliitoa wapi" lina nguvu kuliko "kwa nini ulidanganya." Kwa nini inajibiwa kwa hisia, na hisia ni rahisi. Wapi inajibiwa kwa mahali.

Alijibu kwamba watazungumza wakifika. Toka Ngerengere hadi Morogoro hawakusemeshana, na bibi akawapa ndizi mbili, labda aliona kuna jambo.

Walizungumza Jumapili asubuhi, kwenye kibanda cha supu karibu na Msamvu. Kipande kilichokatwa kilikuwa Mwanza. Alimaliza chuo 2007, akapata kazi Mwanza 2008, akahamia Dar 2015. Katika hadithi ya miezi minne yote, mji mzima wa Mwanza haukuwepo. Na Mwanza kulikuwa na mwanamke aliyeishi naye kuanzia 2010 hadi 2014, na mtoto wa kike aliyezaliwa 2012.

"Lakini sijawahi kuoa," alimalizia. "Hilo sikukudanganya."

Mpwa wangu alinipigia akiwa chooni, supu inapoa. Alikuwa analia kwa hasira, si kwa huzuni, nadhani kwa sababu tayari alikuwa amemsamehe ile mitano. Akaniuliza kama sasa ndiyo arudi na treni ya jioni.

Nikamwambia bado kuna swali moja, nalo si la moyo, ni la sheria. Amuulize hivi: majirani wa Mwanza walikuwa wakimwita nani yule mama?

Alirudi mezani, akauliza. Mwanaume akafikiri. Akasema walimwita mke wake. Mwenye nyumba alimwita "mke wa injinia". Kwenye kikundi cha mtaa cha kuzikana waliandikwa pamoja.

Watu wengi wanaosema "sijawahi kuoa" hawajui kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 haiangalii keki na shela peke yake. Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowapa heshima ya mume na mke mbele ya jamii, kunakuwa na dhana kwamba wameoana. Ni dhana, yaani inaweza kupingwa kwa ushahidi mahakamani. Lakini hata ikishapingwa na kuonekana hakukuwa na ndoa, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya mtoto, na mahakama ina uwezo wa kutoa amri kama zile zinazotolewa ndoa inapovunjika, mali zikiwemo. Miaka miwili ni sharti la kwanza, heshima ya mtaani ni sharti la pili, na ndiyo sababu nikauliza walimwitaje. Wapenzi waliokuwa wakitembeleana wikiendi hawaingii humo. Miaka minne, mtoto, kikundi cha kuzikana, hao wanaingia vizuri sana.

Kwa hiyo kwenye mdomo wake "sijawahi kuoa" ilikuwa kweli: hakutoa mahari, hakufunga ndoa, na kwao hawamjui yule mama kama mkwe. Mbele ya hakimu isingekuwa rahisi hivyo. Sikumwona kuwa mwongo kwenye sentensi hiyo. Nilimwona kuwa mtu ambaye hajawahi kuambiwa.

Ubaya ni kwamba kutoambiwa huko kuna tarehe ya mwisho. Kifungu cha 18 cha sheria ileile kinataka wanaotaka kuoana watoe taarifa ya nia yao kwa msajili au kwa kiongozi wa dini anayefungisha ndoa, angalau siku 21 kabla. Fomu ile inauliza umri, inauliza hali ya ndoa ya kila mmoja, na kama mwanaume ana wake inawataja. Taarifa inatangazwa, ndiyo yale majina yanayosomwa kanisani Jumapili tatu, na mwenye sababu ya kisheria anaweza kuleta pingamizi. Uongo wa kwenye kikao cha kamati ni jambo kati ya watu wawili, ila ukiandikwa kwenye fomu ile kwa kujua ni kosa la jinai. Nimeshuhudia ndoa ikisimama Jumapili ya pili, keki imeshalipiwa, kwa sababu mtu wa benchi la nyuma aliyajua yaliyokatwa.

Upande wa Waislamu nao una saa yake. Posa yangu ya nne ilikuwa Tanga, kwa mwanamke aliyesema ameachika. Ni kweli alikuwa ameachika. Ila mzee mmoja wa nyumba ile, mtaratibu sana, aliuliza talaka ilitolewa lini na ni ya ngapi. Ilikuwa ya kwanza, na eda haikuwa imekwisha, tohara moja ilikuwa imebaki. Talaka rejea, mume bado ana haki ya kumrudia, na mwanamke aliye ndani ya eda ya namna hiyo haposwi. Tulirudi Dar na barua yetu. Yule mama hakuwa amedanganya, alikuwa amewahi kusema. Tulirudi baada ya miezi miwili, tukapokelewa vizuri, na mzee yuleyule ndiye aliyetuandalia kahawa.

Hadi hapo, basi, mpwa wangu alikuwa anajua kwamba ndani ya ile mitano kuna mtu, tena wawili. Kwa kipimo changu mwenyewe ningesema aondoke. Sikusema, kwa sababu ya kitu kilichotokea pale kwenye supu. Nilikwambia alitakiwa asikilize kama atakiri kilichoonekana tu. Kilichoonekana kilikuwa mwaka wa kuzaliwa. Mtoto hakuonekana popote, wala kwenye namba wala kwenye simu. Angeweza kujaza Mwanza kwa kazi tupu na mpwa wangu asingejua, walau si mwaka huo. Alimtoa mwenyewe, na akaonyesha miamala ya kila mwezi anayotuma, jina la mama wa mtoto likitokea kwenye kila ujumbe wa uthibitisho, miaka na miaka. Baba anayetuma bila kukosa hafanani na baba anayeficha, ingawa huyu alikuwa yote mawili.

Dada yangu, mama wa msichana, hakukubaliana nami, na bado hakubaliani. Hoja yake si nyepesi: mtu aliyeweza kufuta mtoto kwa miezi minne ameonyesha kwamba anaweza, na kukiri baada ya kukamatwa na bibi wa ndizi si kukiri. Nimejaribu kuijibu hoja hiyo mara kadhaa wakati wa chakula cha Jumapili na sijaimaliza.

Mpwa wangu hakumfuata mama yake wala hakunifuata mimi. Alirudi Dar Jumatatu kama ilivyopangwa, akamwambia mwanaume mambo mawili. Hatazungumza habari ya posa mpaka azungumze mwenyewe na mama wa mtoto, si kwa kumficha, bali mwanaume ndiye ampigie na amkabidhi simu. Na kwamba wakati wa kusubiri hatamwahidi kitu. Ilichukua wiki tatu. Ilibainika yule mama aliolewa mwaka 2018, ndoa ya kanisani, matangazo yakasomwa Jumapili zote tatu na hakuna aliyesimama. Alizungumza na mpwa wangu kwa dakika arobaini, zaidi kuhusu pumu ya mtoto kuliko kuhusu mwanaume. Mimi nilifanya kazi yangu ya zamani: nilimwomba mtu ninayemwamini Mwanza aende akasalimie. Alirudi na jibu lilelile, na akaongeza kwamba mtoto anafanana na baba yake kama pacha.

Barua ya posa ililetwa Februari. Safari hii sikuwa mshenga, nilikuwa mwenyeji, nimekaa kwenye kochi kati ya wazee wenzangu. Barua ikasomwa kwa sauti. Salamu, ukoo, dini, kazi, kisha ikaja sentensi ambayo sijawahi kuikuta kwenye barua ya posa tangu nianze kuzibeba: kwamba kijana wao ni mwenye umri wa miaka arobaini na moja, aliyezaliwa tarehe kumi na moja Julai 1983, na ana mtoto mmoja wa kike.

Kaka yangu mkubwa alivua miwani. "Hawa wanatuposa au wanaomba pasipoti?"

Kutoka chumba cha pili, ambako alitakiwa akae kimya mpaka aitwe kuulizwa kama anawajua wageni hawa, tulimsikia mpwa wangu akicheka.